Anaingia Yuleyule

Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mzee Ojwang' Hatari, mhusika aliyemwigiza kwenye kipindi cha Vitimbi cha KBC, alikuwa Mjaluo kuanzia jina hadi ncha ya ulimi. Watazamaji wengi waliishi miaka bila kujua kwamba hao ni watu wawili wenye asili mbili, na wapo walioambiwa wakakataa kuamini. Wanjau hakumwokota Ojwang' ndani ya nafsi yake. Alimfuata mbali. Alijifunza anavyoyatamka maneno ya Kiswahili, anavyotembea, anavyoudhika na anavyojihesabia haki, kisha akauvaa uzee akiwa mwenyewe bado hajazeeka. Alipofariki Julai 2015, akiwa na miaka 78, umri wake ulikuwa umeshamfikia mhusika wake.

Kundi lililoanza kuonekana EATV kwa jina la Ze Comedy, ambalo baadaye tulilizoea kama Orijino Komedi, lilipita njia hiyohiyo. Silvery Mujuni, mwenye jina la ukoo la Kagera, alijiita Mpoki, jina la Wanyakyusa. Emmanuel Mgaya, ambaye jina lake ni la Nyanda za Juu Kusini, akawa Masanja Mkandamizaji, na ukisikia Masanja mawazo yanakwenda Usukumani. Lucas Mhuvile akawa Joti, na ndani ya Joti kulikuwa na bibi, babu, mtoto na msichana mwenye maringo. Walikuwapo pia Wakuvanga, Mac Regan na Vengu, na Sekioni David, yaani Seki, akiliongoza kundi.

Jina la kuazima linafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Anayejiigiza mwenyewe anaishiwa haraka, kwa sababu maisha yake hayatulii: ataoa, atanunua gari, ataugua, atanenepa, na kila mtazamaji atayaona hayo usoni pake. Mhusika aliyetolewa mbali hana maisha mengine ya kumsumbua. Yuko palepale alipoachwa, na mwigizaji anamwendea kila wiki akiwa ametoka kwenye shughuli zake, anamvaa, anamvua, anarudi nyumbani. Ndiyo maana wahusika wanaodumu misimu mingi wana umbali fulani na wenye kuwaigiza, iwe ni umri, kabila au jinsia.

Huku Machame tunalijua jambo hili kwa upande wa pili, upande wa wanaoigizwa. Mchaga wa vichekesho ni mtu wa zamani kwenye maigizo ya Dar es Salaam: anauza duka, anaitwa Mangi, anapenda hela, na herufi zake zinapanda mlima. Tumemcheka sana, na tumecheka kwa dhati. Lakini mtu wa mteremkoni humsikiliza kwa sikio jingine. Anasikia kwamba sentensi imeanzia Rombo, ikapita Marangu, ikamalizikia Kibosho, na Machame haikufika kabisa. Kwa mtazamaji wa Mbagala ni sawa, maana kwake Mchaga ni mmoja. Kwa sisi tunaotambua mtu ametoka kijiji gani kwa salamu tu, lafudhi ya mchanganyiko inamfanya mhusika aelee hewani. Wanjau hakuwahi kuelea hewani. Waliolelewa kwenye lugha ile walimkubali, na huo ndio mtihani wa kwanza wa mhusika wa kurudi: wenyewe wakimwona, wanamjua ni wa kwa nani.

Lafudhi peke yake, hata ikiwa safi namna gani, haimrudishi mtu wiki ijayo. Inachekesha mara ya kwanza, mara ya pili inatabasamisha, mara ya tatu inakuwa kelele. Kinachomrudisha ni hitaji lake. Mhusika wa igizo fupi ana kitu kimoja anachokitaka kupita vyote, na kila anapoingia tunajua atakitaka tena.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mfano ambao mpaka leo sijaona wa kuuzidi kwa unyoofu. Kipindi cha Pwagu na Pwaguzi kilichukua jina lake kwenye methali ambayo kila mtoto anaijua, kwamba pwagu hupata pwaguzi, na ndani ya majina hayo mawili mtambo mzima wa kichekesho ulikuwa umeshafungwa tayari: mjanja mmoja anataka kumzidi mjanja mwingine. Redioni huwezi kumsaidia mhusika kwa kofia wala kwa suruali pana. Unabaki na sauti mbili na tamaa mbili. Msikilizaji angeweza kuwasha redio katikati ya kipindi, akasikia maneno machache, akajua nani anamwinda nani. Kipindi ambacho msikilizaji anaweza kukiingia katikati bila kuuliza kitu kina umri mrefu, kwa sababu hakimtaki awe amesikia cha wiki iliyopita.

Haya nisingeyatazama kwa makini kama nisingekuwa nasaidia vijana wa usharika kuandaa maigizo ya Krismasi, wakati ambapo watoto wa Machame wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko na ukumbi unajaa hadi madirishani. Vijana walitaka Mangi wao wenyewe, wa huku, anayetamka kama watu wa huku. Rasimu yao ya kwanza ilimpa kila kitu. Alikuwa bahili, mpenda mbege, mwoga wa mkewe, na mtu wa kuchomekea Kiingereza asichokijua. Kila sifa ilichekesha kivyake, na igizo lote halikuchekesha, kwa kuwa watu hawakujua wamsubiri afanye nini. Tukaanza kumpunguza. Mbege ikaondoka, mke akaondoka, Kiingereza kikaondoka. Akabaki mtu mmoja mwenye hitaji moja: Mangi hataki chenji itoke dukani.

Hapo tukatafuta hitaji hilo linakaa wapi mwilini. Kijana anayemwigiza ndiye aliyelipata, wakati wa mazoezi, bila kuambiwa. Alihesabu chenji, akaiweka sarafu ya shilingi 200 juu ya meza ya duka, na kidole chake cha shahada hakikutoka juu ya sarafu. Mtoto aliyetumwa dukani akaivuta. Sarafu ikaja, na kidole kikaja nayo. Mtoto akavuta tena, na Mangi mzima akaanza kuinama juu ya meza akiifuata hela yake, huku akiendelea kumuuliza mtoto habari za shule kwa sauti ya upole kabisa. Uso wake haukuonyesha lolote, kana kwamba kidole ni cha mtu mwingine. Tangu siku ile hatukuhitaji tena kueleza kwa maneno kwamba Mangi ni bahili, na mistari yote iliyokuwa ikisema hivyo tuliifuta.

Mhusika wa kurudi hujengwa hivyo: hitaji moja, na tendo moja la mwili linaloliweka hitaji hilo mbele ya macho. Mavazi yanakuja baadaye, na yakishachaguliwa hayabadilishwi, kwa sababu kazi yake ni kumtambulisha kabla hajasema. Mr. Bean wa Rowan Atkinson, ambaye watoto wa Machame wanamjua bila kujua neno la Kiingereza, ana koti la kahawia na tai nyekundu. Kipindi chake cha asili kilianza 1990 na hakikuzidi vipindi 15, lakini dunia nzima inaamini ni mamia. Vichache vile vilitosha kwa sababu koti, mwendo na ubinafsi wake wa kitoto vilikuwa vilevile kila mara.

Sasa ngazi. Igizo la dakika nne au tano haliendi mbele kwa matukio, linapanda kwa kiwango. Kukataa kwa kwanza kwa Mangi lazima kuwe na busara, kitu ambacho kila mmoja ukumbini kimemtokea: hana chenji, mtoto achukue pipi. Kukataa kwa pili kunapanda kidogo: pipi zimekwisha, achukue kiberiti, mama atakihitaji tu. Kwa tatu, hela ibaki kwenye daftari, salama zaidi kuliko kwenye mfuko uliotoboka. Kwa nne Mangi anafunga duka na kumsindikiza mtoto hadi nyumbani, kidole juu ya sarafu, ili isije ikapotea njiani. Ukianza na ya nne watu watashangaa bila kucheka, kwa kuwa hawajaona ngazi zilizomfikisha pale. Ukiishia ya pili wataona umewanyima. Na katika kila ngazi Mangi anaamini anamtendea mtoto wema. Siku akianza kujiona mwizi, anakuwa mtu mbaya wa kawaida, na mtu mbaya wa kawaida hatumkaribishi tena sebuleni.

Mtoto naye ana kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Hachekeshi. Ametumwa chumvi, anataka chenji ya mama, basi. Macho yake yanakwenda kwenye kidole, yanapanda usoni kwa Mangi, yanarudi kwenye kidole, na sisi tunaangalia alikoangalia. Yeye ndiye kipimo cha dunia ya kawaida, na bila kipimo hicho hatuoni Mangi amepotoka kiasi gani. Mama Kayai, mkewe Mzee Ojwang' aliyeigizwa na Mary Khavere, alimpa mzee ukuta wa namna hiyo. Nikitazama vipindi vya zamani siku hizi, ninamtazama yeye zaidi: anavyosubiri, anavyomwacha mzee amalize, anavyojua kwamba jibu lililochelewa kidogo linaliachia neno la mwenzake nafasi ya kutua. Wachekeshaji wengi wazuri wameharibiwa na wenzao waliotaka kuchekesha nao.

Halafu kuna kusahau. Krismasi iliyopita Mangi aliaibika mbele ya mtaa mzima, Krismasi hii ameamka akiwa vilevile. Katika tamthilia hili lingekuwa kosa kubwa, kwa kuwa mtu wa tamthilia anabeba yaliyompata. Mtu wa igizo fupi habebi kitu. Anayebeba ni mtazamaji. Yeye ndiye anayekumbuka kidole, anakumbuka kiberiti, na anaingia ukumbini akijua zaidi ya Mangi anavyojijua mwenyewe. Ukimfanya Mangi ajifunze, hata somo zuri kabisa, umemchukulia mtazamaji nafasi yake.

Hapa ndipo ninapoona sababu hasa ya maigizo yanayopendwa kurudi msimu baada ya msimu. Watu husema ni mazoea, au ni uvivu wa waandishi, na upande wa uzalishaji ni kweli kwamba nguo zipo, meza ya duka ipo, mwigizaji ameshaijua sauti, na kipindi cha kila wiki kinakula mawazo kwa kasi ya kutisha. Lakini tazama kinachotokea kwenye dakika zenyewe. Mhusika mgeni hutumia sehemu nzuri ya igizo kujitambulisha: ni nani, anataka nini, mwiko wake ni upi. Mangi akiingia mwaka wa tatu, yote hayo yameshalipwa. Igizo linaanzia pale ambapo la kwanza liliishia, na dakika zilizookolewa zinatumika kupanda ngazi ambazo mwaka wa kwanza zisingefikika.

Zaidi ya hapo, mwigizaji anapata chombo ambacho msimu wa kwanza hakuwa nacho, nacho ni kuchelewesha. Mwaka wa kwanza kidole lazima kiwekwe mapema, la sivyo watu hawaelewi. Mwaka wa tatu Mangi anaweza kuweka sarafu mezani na mkono wake ukabaki mfukoni. Ukumbi unanyamaza. Mtoto anaiangalia sarafu bila kuigusa, maana hata yeye haamini. Mkono unatoka mfukoni, unakwenda kuparua sikio, unarudi. Kicheko kinajengeka kwa kitu ambacho hakijatokea, na kinapotokea kinapasuka kwa nguvu ambayo tendo lenyewe halina. Kicheko hiki hakinunuliki kwa kichekesho kipya, hata kiwe kizuri namna gani, kwa sababu kimetengenezwa kwa kumbukumbu za watu na kumbukumbu huchukua misimu kujikusanya.

Kinachotakiwa kuwa kipya ni kinachomjia. Mangi yuleyule, lakini leo anayekuja ni mwinjilisti na bahasha ya mchango. Kesho yeye mwenyewe ni mteja, amekwenda kununua msumari duka la jirani, na muuza duka ameweka kidole juu ya sarafu. Hiyo ya pili ni pwagu kumpata pwaguzi, na tuliiweka akiba hadi watu walipomzoea kabisa, maana kichekesho cha kugeuza meza hakina uzito kama meza yenyewe haijakaa sawa.

Wapo wahusika wa kurudi ambao muda wao unapangwa na mambo ya nje. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass la Kenya, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilimwigiza Rais Moi wakati ambapo kufanya hivyo kulihitaji moyo. Kazi ile ilikuwa na ujasiri na ustadi, lakini mhusika aliyechukuliwa kwa mtu halisi mwenye cheo anaishi kwa kutegemea cheo hicho. Moi aliondoka Ikulu Desemba 2002, na kicheko kilichokuwa na hofu ndani yake kikapoteza nusu ya nguvu. Mzee Ojwang' hakuwa na cheo cha kuondoka nacho. Marais walibadilika, yeye akaendelea kubishana na mkewe.

Kuchakaa kwa mhusika kunaonekana mapema ukiwa na subira ya kusikiliza kicheko badala ya kukihesabu. Dalili ya kwanza ni pale kicheko cha kuingia kinapokuwa kikubwa kuliko cha katikati. Watu wanashangilia kumwona, kisha wanatulia kumwangalia kwa adabu, na mwigizaji akisikia makofi ya mlangoni anadhani mambo ni mazuri. Dalili nyingine ni msemo wake kutokea bila sababu. Msemo mzuri hutolewa na hali, mhusika amebanwa na hana pengine pa kutokea. Ukianza kutolewa kwa sababu watazamaji wanaupenda, ndani ya muda mfupi utakuwa kwenye fulana na kwenye matangazo ya simu, na ndani ya igizo hautakuwa na kazi. Ya tatu inaniuma zaidi, kwa kuwa hutokana na upendo: mwigizaji anampenda mhusika wake, anataka watu wamheshimu, anaanza kumpa hekima. Mangi anatoa ushauri kuhusu ada za shule. Ukumbi unapiga makofi, na mhusika amekwisha.

Pana pia mpaka ambao ufundi hauuvuki. Mwaka 2008 lile kundi la akina Joti lilipohama EATV kwenda TBC1, jina la Ze Comedy halikuhama nalo. Wahusika walihama. Watu walibadilisha chaneli kumfuata Masanja, wakamfuata Mpoki, kwa kuwa mhusika haishi kwenye jina la kipindi wala kwenye karatasi ya mwandishi. Anaishi kwenye mwili wa mtu mmoja. Na kwa sababu hiyohiyo, Vengu alipougua na kutoweka kwenye skrini, kundi lenye vipaji vingi kiasi kile halikuweza kumvika mwingine nguo zake. Uso ule uliokuwa ukichekesha kabla ya neno haukuwa na pacha. Mwigizaji mwingine angeweza kuijifunza sauti. Kumbukumbu za watazamaji hazikuwa zake.

Vijana wetu wanalijua hilo, ndiyo maana hawamruhusu mtu mwingine kuigusa kofia ya Mangi. Mwaka huu wanamletea adui ambaye hajawahi kukutana naye: mteja aliyetoka Dar es Salaam, asiye na sarafu wala noti, anayeuliza Lipa namba. Mazoezi yamekwama kwenye swali moja ambalo limetuchukua jioni nzima, nalo ni kidole kitawekwa wapi. Mmoja anasema juu ya skrini ya simu ya mteja, mwingine anasema hewani, palepale sarafu ilipokuwa ikikaa, na mtoto wa chumvi, ambaye sasa amekuwa mrefu kumzidi Mangi, anataka tujaribu zote mbili kesho.